Siku za Jembe

Taarifa yangu ya kwanza ya kufunga mradi niliiandika kwa taipureta mjini Lushoto, nikiwa bwana shamba kijana. Mradi ulikuwa mdogo, wa vijiji vichache upande wa Soni. Ukurasa wa mbele ulijaa mita za matuta ya ngazi na idadi ya miche ya migrevilea tuliyogawa. Kwenye gharama niliweka mafuta ya gari, posho na miche, nikagonga muhuri.

Msimu uliofuata nilipita kwa bibi mmoja ambaye shamba lake tulikuwa tukilionyesha kwa wageni. Kwenye kila ngazi mahindi ya ukingo wa nje yalinifika kiunoni, ya kijani kibichi. Ya ndani, chini ya ukuta, yalikuwa ya manjano, hayajafika hata magotini.

"Mwanangu, udongo wangu mmeufukia," alisema.

Alisema kweli. Ukichimba ngazi unakata upande wa juu na kujaza upande wa chini. Ule mweusi unafunikwa, na ndani unabaki mwekundu usio na nguvu. Inabidi udongo wa juu utengwe kwanza, urudishwe baada ya kusawazisha, kisha samadi ifuate. Hilo linaongeza siku za jembe. Na siku hizo hazikuwamo kabisa kwenye hesabu yangu. Yeye na wanawe wawili walichimba wiki sita, mimi nikaandika "mchango wa wananchi" bila tarakimu yoyote.

Wazee wa Mlalo wangeweza kunionya. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kupiga matuta. Mzigo wa kazi ukawachosha, hasa akina mama, wakapinga mpaka mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. SECAP, mradi uliosaidiwa na Wajerumani kuanzia 1981, ulikuja na mistari ya majani ya gwatemala na miti kufuata kontua, pamoja na ng'ombe wa kufugia bandani. Majani yanashika udongo, lakini mkulima huyatunza kwa sababu ndiyo malisho.

Tangu siku ile kwa bibi taarifa zangu zilibadilika. Sikufunga hesabu kabla mvua za masika hazijapita mara mbili, na kwenye gharama niliandika siku za kila kaya kando ya fedha za mfadhili. Safu ya mita zilizochimbwa ilifuatwa na safu ya mita zilizosimama.

Nilirudi kwa yule bibi na kamba ya kupimia. Alikuwa amechimba ngazi saba. Tatu zilikuwa zimeporomoka, zile ambazo kingo zake tuliziacha tupu. Nne zilikuwa na gwatemala ukingoni, imekatwa karibuni kwa mundu, na mzigo wake ulikuwa mlangoni pa banda la ng'ombe. Nikaandika 4.