Kadi ya Miaka Thelathini

Duka la Ami lilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya barabara zile zinazoitwa kwa namba. Aliuza madaftari, peni, bahasha, juzuu za watoto wa chuoni, na kadi. Kadi za Idi na za Krismasi zilitundikwa kwenye kamba dirishani, za harusi zilikaa ndani ya kabati la kioo. Nilikuwa nikimsaidia jioni baada ya shule, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukaa karibu naye anapowaandikia watu. Ami alikuwa na mwandiko mzuri wa herufi za Kirumi na za Kiarabu, na watu walimjia toka Makorora hadi Chumbageni.

Januari 1997, ndani ya Ramadhani, alikuja dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Wazazi wake walikuwa wanatimiza miaka thelathini ya ndoa. Alitaka kadi yenye maneno machache ya kusomwa jioni, baada ya futari, watoto na wajukuu wakiwapo.

Kadi ya namna hiyo haikuwapo. Wateja wetu Wakristo walikuwa na jubilei ya fedha kwa miaka 25 na ya dhahabu kwa miaka 50, na kadi zake zilipatikana. Wazungu huiita ndoa ya miaka 30 ndoa ya lulu, lakini kadi za lulu hazikufika Ngamiani. Ami akamtolea kadi yenye mawaridi juu na ndani nyeupe pande zote mbili. Akamwambia hiyo ndiyo bora, kwa sababu hakuna maneno ya mtu mwingine ya kushindana nayo.

Dada alikuwa ameshaandika kikaratasi. Sentensi ya kwanza iliwaombea wazazi Mungu awajalie watoto wema. Ami akauliza kwa upole, "Mwanangu, ninyi mko wangapi?" Walikuwa watano. Dua ile ilitoka kwenye kadi ya harusi, na ilikuwa imeshajibiwa.

Sentensi ya pili iliwasifu kwa uvumilivu. Hapo Ami aliweka peni chini. Akasema neno hilo watu huliandika kwa nia njema, lakini mama akilisikia mbele ya wajukuu atajiuliza ni nani aliyemvumilia mwenzake, na kwa lipi. Baba naye atajiuliza hivyo hivyo. Nimeona kadi nyingi tangu wakati ule, na bado naamini hilo ndilo kosa kubwa la salamu za ndoa ya muda mrefu. Mtu anataka kusifu mapenzi, kisha anayataja kama mzigo.

"Nieleze kitu walichokifanya," Ami akasema. "Wote wawili, kwa pamoja. Nyinyi mkakiona kwa macho."

Dada alikaa kimya, kisha akaanza kueleza. Baba yake alikuwa mtu wa reli, hapo hapo stesheni ya Tanga, tangu enzi za Reli ya Afrika Mashariki. Mama yake ni Mdigo wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, na hilo halikuwa jambo la ajabu, maana Wadigo wako Tanga na wako Kwale, na watu walikuwa wakienda na kurudi kwa harusi na misiba. Februari 1977 Jumuiya ilikuwa inavunjika na mpaka ukafungwa. Mdogo wake mama, kijana mbichi, alikuwa amekuja Tanga kutembea. Akabaki. Ni mwishoni mwa 1983 ndipo njia ilipofunguliwa rasmi, na miaka yote hiyo alilala kwenye chumba cha uani, akala na watoto, akatafutiwa kazi na shemeji yake. Baadhi ya miaka hiyo ilikuwa ile ya kupanga foleni ya sukari na sabuni dukani. Dada hakukumbuka hata siku moja kusikia nyumbani mwao kwamba mgeni amekaa sana.

Ami alimwacha amalize. Halafu akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa penseli. Kwanza aliweka na msiba wa bibi yao, aliyefia Vanga mpaka ukiwa umefungwa, mama asiweze kwenda kuzika. Akasoma kwa sauti. Akakifuta kipande hicho. Alisema jambo lile linastahili dua na lina siku yake. Likisomwa baada ya futari, mama atalia peke yake katikati ya watu wanaofurahi.

Aliposoma tena alisoma polepole, amefumba macho. Kadi hii haitasomwa, alisema, itasikizwa. Mama yao hakusoma herufi za Kirumi. Alisoma Kurani na barua za hati ya Kiarabu, kama wanawake wengi wa rika lake pwani. Mjukuu ndiye angesoma. Kwa hiyo kila sentensi ambayo mtoto wa darasa la nne angeishiwa pumzi kabla ya kuimaliza, Ami aliikata. Maneno yaliyobaki yalikuwa haya:

*Shikamooni Baba na Mama. Leo mmetimiza miaka thelathini ya ndoa. Tunakumbuka mpaka ulipofungwa. Mjomba alilala chumba cha uani. Baba ukamtafutia kazi, Mama ukapakua sahani moja zaidi kila siku. Nyumba ile ndiyo iliyotufunza kupokea watu. Mwenyezi Mungu awape afya, awazidishie mapenzi, atuweke karibu nanyi. Sisi wanenu na wajukuu wenu.*

Chini yake yakaja majina ya watoto, wa kwanza hadi kitinda mimba, kwa mfuatano wa kuzaliwa. Dada alitaka lake litangulie kwa kuwa ndiye aliyenunua kadi. Ami akamwambia kaka yake mkubwa akilisikia jina lake baada ya la mdogo wake, futari haitamshuka vizuri. Likawekwa mahali pake.

Alinakili kwa peni upande wa kulia wa kadi, akaiacha wazi juu ya kabati. Karatasi ile yenye kung'aa haikunywa wino upesi, na ukiifunga mapema maneno yanajipiga chapa upande wa pili.

Baada ya Idi, mama mwenyewe alikuja dukani, kajifunika buibui, kadi imo ndani ya bahasha yake. Alimsalimu Ami, akamshukuru, akasema mjukuu alisoma vizuri na mumewe aliomba isomwe tena. Sasa alitaka maneno yale yale yaandikwe upande wa kushoto kwa hati ya Kiarabu, ili ayasome mwenyewe bila kumwita mtoto.

Ami alipofika kwenye "thelathini", mama akamzuia. Aliolewa Mfunguo Mosi, alisema, siku chache baada ya Idi ya mwaka 1386, na Idi iliyopita juzi ilikuwa ya 1417. Ami akahesabu kwa vidole na kukubali. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, na katika miaka thelathini ya kalenda ya ukutani pengo hilo linakaribia mwaka mzima. Ndiyo maana kumbukumbu ya harusi ya baada ya Idi ilikuwa imeangukia ndani ya mfungo.

Akaandika, kutoka kulia kwenda kushoto, miaka thelathini na moja. Upande wa pili aliuacha kama ulivyokuwa, maana watoto nao walikuwa wamehesabu sawasawa.