Nilivyoacha Kujibu "Ukumbi Upo"

Kanisani kwetu watu husimama kushuhudia namna walivyoacha pombe. Mimi nimeacha maneno mawili tu, na sijui kama yanatosha kupigiwa makofi.

Nafanya kazi ya utawala katika shirika moja hapa Dodoma. Kumbi za mikutano, projekta, viti, funguo na chai, vyote vinapita mezani kwangu. Zamani maombi yalikuwa yanakuja kwa mstari mmoja: "Naomba ukumbi Jumanne, watu 24, na projekta." Nafungua kalenda, naona Jumanne iko wazi, namjibu mwombaji: "Ukumbi upo." Na kweli ulikuwepo. Ila Jumanne yenyewe asubuhi ndipo tulikuwa tunaanza kuburuta meza huku washiriki wamesimama koridoni na mabegi yao, na mwezeshaji ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyejenga jengo.

Kilichonigeuza ni tepu ya kupimia. Fundi seremala alikuja kurekebisha mlango wa ukumbi wetu mkubwa, na alipokwenda kula nikaichukua tepu yake nikapima chumba. Urefu mita 9, upana mita 7. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni tangu kabla sijaajiriwa paliandikwa "Watu 40". Nilikuwa naiamini karatasi hiyo kama risiti ya benki. Kumbe watu 40 ni wale wanaokaa kwenye viti vitupu, mistari kwa mistari, wote wakitazama mbele kama wanaomsikiliza mhubiri. Ukileta meza, ile hesabu inakufa hapohapo.

Nikaendelea kupima. Meza zetu za kukunja zina urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 75. Anayekaa mezani anahitaji karibu sentimita 90 nyuma ya meza ili avute kiti na kuinuka bila kugonga ukuta. Kwa namba hizo tatu tu unaweza kujua mengi ukiwa umekaa ofisini kwako, bila kusogeza meza hata moja.

Basi siku moja akaja afisa mafunzo wetu, kijana mwenye haraka zake.

"Shikamoo mama. Naomba ukumbi mkubwa wiki ijayo. Watu 24, tukae herufi U, na projekta."

"Marahaba mwanangu. Vuta kiti kwanza."

Alishangaa. Alizoea kupata jibu akiwa bado ameshika kitasa.

Nikamchorea. Meza 3 nyuma, zinafanya mita 5.4. Katika chumba cha mita 7 zinabaki sentimita 80 kila upande. Mtu atakaa, lakini hakuna atakayepita nyuma yake. Mikono miwili ya U, tukiweka meza 4 kila upande, inakuwa mita 7.2. Ongeza upana wa meza ya nyuma, ongeza nafasi ya viti vilivyo nyuma yake, umeshafika mita 8.85. Zimebaki sentimita 15 za kuweka skrini, projekta na mwezeshaji mwenyewe. Tukipunguza ziwe meza 3 kila mkono, mbele inabaki karibu mita 2, na hapo mtu anaweza kusimama akafundisha. Lakini sasa tuna meza 9, na kila meza watu wawili, jumla watu 18. Sita wangekaa wapi?

"Tubane watatu watatu," akasema.

Watatu kwenye meza ya mita 1.8 kila mmoja anapata sentimita 60. Kwa daftari na kalamu inawezekana. Kwa kompyuta mpakato, kabrasha la mafunzo na kikombe cha chai, mtu wa katikati anaandika viwiko vikiwa vimembana mbavuni, na hilo analivumilia mpaka chai ya saa nne tu. Nikamwuliza swali ambalo siku hizi ndilo la kwanza kwangu: hao watu wanakuja kufanya nini? Wanasikiliza, wanajadili wote kwa pamoja, au wanafanya kazi za makundi? Akasema makundi, karibu siku nzima. Ile herufi U aliitaja kwa sababu mafunzo yaliyopita walikaa hivyo.

Tukachora upya. Meza mbili mbili zikibanwa pamoja, watu 3 upande huu na 3 upande ule, makundi manne. Sentimita ni zilezile 60 kwa kila mtu, ila kwa kazi za makundi zinavumilika. Makundi yakilazwa kufuata urefu wa chumba, kila moja pamoja na viti vyake linakula mita 3.3 za upana. Mawili yanakaa sambamba kwenye mita 6.6. Kwa urefu yanataka mita 4.6 pamoja na njia ya katikati. Mbele tukaacha zaidi ya mita 2 za skrini na mwezeshaji, nyuma zikabaki mita 2 nyingine. Wote 24 wamekaa, meza zimetumika 8, na hakuna aliyeipa skrini mgongo, kwa kuwa wote wanaikabili kwa ubavu. Mtu anageuza shingo tu.

Hapo tulikuwa bado hatujagusa umeme.

Kijana alisema kila mshiriki atakuja na kompyuta yake. Watu wakisikia hivyo huwaza soketi, na mimi pia, lakini kuna jambo jingine. Chaja ya kawaida inakula wati kama 65. Ishirini na nne ni wati 1,560. Plagi ya pini tatu ya ekstensheni yetu ina fyuzi ya ampia 13, ambayo kwa volti 230 inabeba karibu wati 3,000. Kwa hiyo kompyuta peke yake hazina neno. Neno linakuja saa nne, pale mhudumu wa chai anapochomeka birika kubwa la umeme kwenye ekstensheni ileile kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Birika hilo linakula wati 2,500. Jumla imevuka 4,000, fyuzi inaweza kukata, na watu wanaanza kusema umeme umekatika huku taa za koridoni zinawaka. Ukiona taa zinawaka na ekstensheni peke yake imekufa, usimpigie mtu wa jenereta. Chomoa birika, chomoa na ekstensheni yenyewe ukutani, fungua plagi yake, badilisha fyuzi. Siku hizi birika lina soketi yake nje ya ukumbi, na kwenye fomu ya kuomba ukumbi nimeweka swali: kompyuta ngapi, na chai itachemshiwa wapi?

Projekta nayo. Ukumbi wetu una madirisha upande wa magharibi, na jua la Dodoma saa tisa alasiri halina adabu. Slaidi inayosomeka vizuri asubuhi, alasiri inakuwa kitambaa cheupe chenye kivuli cha maneno. Mapazia yetu ni mepesi, hayazuii kitu. Kwa hiyo nauliza ni kipindi gani kina slaidi nyingi, kisha namwomba mwezeshaji akiweke asubuhi, na kazi za makundi azipeleke mchana. Halafu nauliza kompyuta yake ina tundu gani la kutolea picha. Mtu anajibu "ya kawaida". Hakuna ya kawaida: projekta yetu moja inapokea VGA peke yake, nyingine inapokea HDMI, na kompyuta nyingi mpya nyembamba hazina hata moja kati ya hayo, zina tundu dogo la duaradufu linalotaka adapta. Siku hizi nasema, "Nipigie picha ubavu wa kompyuta yako unitumie." Kwa picha moja najua kebo ipi niitoe kabatini.

Lililokuwa jipya kabisa kwangu ni la Mwanza. Kijana alilitaja akiwa tayari mlangoni: wenzetu wawili wangejiunga kwa Zoom. Nikamrudisha kwenye kiti. Maikrofoni ya kompyuta inamsikia vizuri aliye karibu nayo. Aliye kundi la nyuma, mita 6 au 7 kutoka hapo, anafika Mwanza kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tukaazima spika ya mkutano yenye maikrofoni zake, tukaiweka katikati ya chumba kwa kebo ndefu, tukakubaliana kwamba kompyuta moja tu ndiyo itakayobeba sauti. Mwezeshaji akitaka kuonyesha slaidi kwa kompyuta yake mwenyewe, aingie kwenye mkutano akiwa amezima maikrofoni na spika zote mbili. Akiacha wazi, sauti inazunguka kati ya mashine mbili na kupiga ule mluzi unaofanya watu wazibe masikio.

Na kuna namna ya kujaribu. Kuuliza "Mnanisikia?" hakusaidii, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Nilisimama kona ya mbali kabisa, nikasoma sentensi mbili za gazeti kwa sauti ya kawaida, nikawaomba Mwanza wanirudishie nilichosoma. Mara ya kwanza walirudisha nusu. Tukasogeza spika, tukazima feni iliyokuwa juu yake, wakarudisha yote.

Saa nazo nimejifunza kuziandika mara mbili. Kalenda ya ofisi inahesabu kizungu, sisi tunaongea saa zetu. Mtu akisema saa mbili na nusu asubuhi, naandika hivyo, na pembeni 8:30. Tena kalenda naifunga kuanzia saa moja na nusu, 7:30, maana kupanga meza 8 na kujaribu sauti hakufanyiki washiriki wakiwa ndani. Wengine hulalamika kwamba najichukulia saa nzima ya ukumbi. Ni kweli naichukua.

Sitaki kusema mambo yote yamenyooka. Fomu yangu ina maswali machache, na bado wapo wanaojaza "24" kisha wanaleta 31. Siku hizo najua pa kuangalia kwanza: mgeni rasmi. Mafunzo yakifunguliwa na mgeni rasmi, anakuja na dereva, na msaidizi, na mpiga picha, na viongozi wawili watatu wa idara wasiotaka kukosekana, na wote wanahitaji viti kwa nusu saa halafu wanaondoka. Tena anataka meza kuu yenye kitambaa, na meza kuu inakula zile mita 2 za mbele. Nilipomwuliza kijana kama kutakuwa na mgeni rasmi alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, hilo sikulifikiria, ngoja nimwulize bosi."

Bosi akasema yupo. Viti 7 tukavipanga ukutani kule nyuma, kwenye zile mita 2 zilizobaki, meza kuu ikawa meza moja tu iliyowekwa pembeni ya skrini, na baada ya ufunguzi wahudumu wawili waliitoa nje washiriki wakiwa kwenye picha ya pamoja.