Haraka Ikae Kwenye Tarehe

Mwandishi mwenzangu aliniomba nimpitishie macho barua pepe yake ya Kifaransa, iliyokuwa ikienda kwa msemaji wa ofisi moja Bujumbura. Ofisi hiyo ilitajwa vibaya kwenye habari yetu, na isipojibu kabla gazeti halijapelekwa mtamboni, msomaji angesikia upande mmoja tu. Haraka ilikuwa ya kweli kabisa.

Aliandika: "Veuillez m'envoyer votre réponse au plus vite." Kwa masikio ya Kiswahili haina ubaya, si ni "tafadhali nitumie jibu mapema iwezekanavyo"? Lakini "veuillez" ni amri ya kitenzi kinachomaanisha kutaka. Ni neno la matangazo ya dirishani: subiri hapa, jaza fomu. Ukiliunganisha na "au plus vite" unasikika kama bosi aliyechoka kungoja. Na kwenye kichwa cha barua alikuwa ameweka "URGENT", kwa herufi kubwa. Aisee!

Tukaitoa haraka kwenye kitenzi, tukaipeleka kwenye tarehe na sababu:

"Pourriez-vous me faire parvenir votre réponse d'ici jeudi midi, heure de Bujumbura ? Le texte part à l'impression le soir même et je tiens à ce que votre version y figure."

Yaani: je, mngeweza kunifikishia jibu lenu kabla ya Alhamisi saa sita mchana, kwa saa za Bujumbura? Maandishi yanakwenda mtamboni jioni hiyohiyo, na ningependa sana maelezo yenu yawemo. "Pourriez-vous" inamwachia mtu nafasi ya kukataa. Anayembana sasa ni mtambo, siyo sisi. Saa za Bujumbura zimetajwa kwa sababu wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Sita yao ni saba ya Dar. Kichwa kikawa "Droit de réponse : avant jeudi midi", haki ya kujibu, kabla ya Alhamisi mchana.

Upole nao una mtego wake. Ukiandika "pourriez-vous" halafu ukamalizia na "dès que possible", barua inalala. Maneno hayo hayana saa, kwa hiyo kila mtu anayapa saa anayoitaka mwenyewe. "Merci d'avance" mwishoni nayo ni ya kuangalia: kwa wengine ni adabu ya kawaida, kwa wengine ni kushukuriwa kwa jambo ambalo hawajalikubali.

Kipimo changu ni rahisi. Futa sentensi yenye tarehe na sababu, kisha soma kilichobaki. Kama bado unahisi kusukumwa, basi ukali umejificha kwenye kitenzi, na hata ukiongeza "s'il vous plaît" tatu hautaondoka.