Kwa nini shati jeupe la shule linageuka kijivu

Mwaka wa shule unapoanza mashati ya watoto ni meupe. Kufika Krismasi, mengine darasani kwangu yamekuwa kama majivu, na mara nyingi binti anayefua nyumbani ndiye anayelaumiwa kwamba hakusugua. Mimi ninafundisha sayansi, na ningependa tuchunguze maji kabla ya kumgombeza.

Tuanze na sabuni yenyewe. Sabuni yetu ya kipande inatoka kwenye mafuta ya mawese yaliyochemshwa na soda kostike. Kila chembe yake ina umbo la kiluwiluwi: kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta na kukimbia maji. Ukiweka chembe chache ndani ya maji, zinapanda juu na kutoa mikia nje. Zikizidi kiasi fulani, juu panajaa. Hapo makumi ya chembe yanakusanyika katikati ya maji, mikia ndani, vichwa nje, kama wamama waliosimama duara wakipeana migongo. Kifurushi hicho kinaitwa miseli. Jasho na mafuta ya kola huingia katikati, kwenye mikia. Vichwa vinashikamana na maji. Uchafu unaondoka pamoja na maji ya kusuuza. Sabuni ikiwa kidogo mno miseli haziundwi, na hata ukisugua mpaka vidole vichubuke, mafuta yatabaki kwenye kola.

Sasa maji magumu. Maji yaliyopita kwenye mawe na udongo hubeba kalsiamu na magnesiamu ambazo macho hayazioni. Maji ya Ziwa Edward, wanayofulia ndugu zetu wa Kyavinyonge, yana magnesiamu nyingi. Kila chembe ya kalsiamu au magnesiamu inashika vichwa viwili vya sabuni kwa pamoja, na sabuni hiyo haiyeyuki tena. Inakuwa utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyoganda, unashika ukingo wa beseni, unaingia ndani ya nyuzi za shati na kukamata vumbi. Ukijivu wa shati ni huo. Kwa sehemu kubwa ni sabuni yenyewe iliyokufa.

Tupige hesabu. Chukua bidoni moja ya litre 20, yenye ugumu wa miligramu 200 za chokaa kwa kila litre, maji ambayo wataalamu wangeyaita magumu. Bidoni hiyo inameza karibu gramu 24 za sabuni safi kabla miseli hata moja haijaundwa. Bidoni kumi zinameza gramu 240. Ndiyo bei ya kipande kizima, na hakuna kola iliyosafishwa.

Utajuaje maji yako? Kwangua sabuni kidogo, uiyeyushe katika kikombe cha maji ya mvua yenye vuguvugu. Chukua chupa mbili zinazofanana. Moja weka maji ya mvua, nyingine maji unayofulia, kiasi kilekile. Tia kijiko kidogo cha maji ya sabuni katika kila moja, funga, tikisa mara kumi. Endelea kijiko kwa kijiko mpaka povu likae dakika tano. Chupa inayodai vijiko vingi na kuonyesha ukungu ndiyo yenye maji magumu. (Watoto wanapenda sana jaribio hili, ila wasipoteze sabuni yote.)

Maji ya mvua ya mabati ndiyo bora kwa mashati, mradi umwage yale ya kwanza yanayoosha vumbi la paa. Yakikosekana, kuchemsha kunasaidia kwa sehemu: ugumu wa aina moja unatoka na kubaki chini ya sufuria kama ganda jeupe, lakini wa aina nyingine hautoki hata ukimaliza makaa. Mimi naona maji ya majivu, kama ya bibi zetu, yanafaa zaidi. Potasi ya majivu ya maganda ya ndizi inaitua kalsiamu chini kabla sabuni haijaikuta. Chuja maji ya majivu kwa kitambaa, tia kidogo kwenye maji ya kufulia, acha yatulie usiku mzima, kisha mimina ya juu polepole. Usizidishe: yanachoma mikono, na nguo za sufu zinaharibika.

Sabuni ya poda inavumilia zaidi. Kichwa chake ni cha aina nyingine, kikishikwa na kalsiamu hakigeuki utando kwa urahisi, na ndani ya pakiti mara nyingi huwekwa soda ya kulainisha maji. Lakini ni ghali, basi iweke kwa mashati meupe tu.

Na maji yakiwa machache, maji laini yatumie kufulia na kusuuza mara ya kwanza, wakati nguo bado imejaa sabuni. Yale magumu yaje mwisho.