Mwambie Kabla ya Kumgusa

Wasee, leo naongea kuhusu pedi. Kama unaona aibu, pita tu, sisi wengine tubaki.

Tangu niache chuo niko nyumbani mchana kutwa, kwa hivyo kumsaidia sistangu mdogo akiwa kwa siku zake ni kazi yangu na mathe. Ana miaka 15 na ana mtindio wa ubongo. Anaelewa kila kitu, hata umbea wa majirani, ila misuli yake inakazana na maneno yanamtoka kwa taabu. Watu hudhani kazi ngumu hapo ni damu. Zi. Kazi ngumu ni magoti.

Mapaja yake yakikaza, yanabanana kama mkasi. Ukivuta miguu kutoka kwa vifundo ndio uifungue, unamuumiza na misuli inakaza zaidi. Fisio alitufunza njia nyingine. Namlaza chali kitandani, mto chini ya kichwa. Nakunja magoti yake pole pole hadi miguu ikanyage godoro, kwa sababu nyonga ikikunjwa misuli inalegea. Halafu naweka viganja juu ya magoti, sio vifundo, na nangoja. Nikianza na mikono baridi ama haraka, inakaza tena na inabidi tungoje upya.

Kabla ya hayo yote nishanawa mikono, nimevaa glavu, na kila kitu kiko karibu: pedi mpya, chupi, beseni la maji vuguvugu, kitambaa safi na gazeti la kufungia ile ya zamani. Ukimwacha uchi ukimbie kutafuta chupi, hapo ndipo heshima yake inaisha. Juu anabaki na blauzi, na leso inafunika mapaja hadi dakika ile ninapohitaji kuona. Napangusa kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu wa nyuma usifike mbele, kisha nakausha vizuri.

Kuna kitu wengi hawajui: mtu anayeshinda kwa kiti cha magurudumu, damu yake huelekea nyuma. Kwa hivyo pedi naiweka nyuma kidogo kuliko ningejiwekea mimi, na nahakikisha haijajikunja, maana mkunjo ukikaliwa siku nzima unaweza kuleta kidonda. Tunabadilisha kila baada ya saa nne hivi, hata kama haijajaa, kwa sababu joto na unyevu vinachoma ngozi. Kila mara naangalia makalio. Ngozi yetu nyeusi si lazima igeuke nyekundu. Sehemu inaweza kuwa nyeusi zaidi ya kawaida, ngumu ama moto ukiigusa. Nikiona hivyo hakalii hiyo sehemu, na isipoisha twende kliniki.

Maumivu pia yana lugha yake. Sistangu hawezi kusema tumbo linauma, lakini anakataa uji, anakunja uso na mwili unakaza kuliko siku zingine. Tumekubaliana ishara: macho juu ni ndio, macho yakifungwa ni hapana. Namuuliza, "Ni tumbo?" Namuuliza pia, "Nianze sai?" Akifunga macho, nangoja. Kusema "sasa naguza goti la kushoto" kabla ya kuliguza kunasaidia misuli isishtuke, na kunamfunza kitu kingine: mwili wake huguswa kwa ruhusa. Mtu akimshika bila kuuliza, atajua hiyo si kawaida.

Ndio maana shule moja ilinikasirisha. Alikuwa anabadilishwa nyuma ya pazia fupi, na yeyote aliyekuwa karibu siku hiyo ndiye aliyeitwa. Mwaka wa 2017 sheria ya elimu ilibadilishwa ili serikali iwape wasichana wa shule za umma pedi za bure. Poa sana, lakini pedi haiji na mlango wa kufunga, wala kitanda, wala mama wawili ambao msichana mwenyewe anawajua na kuwaamini. Mathe aliitisha hivyo vitu vitatu kwa barua. Shule ya sasa imempa viwili, kitanda bado.

Sasa shangazi anasema tumpeleke sindano ya kupanga uzazi, hedhi iishe, tupumzike. Sindano kweli inaweza kupunguza damu, na kwa msichana mwenye maumivu makali daktari anaweza kuipendekeza. Lakini mwanzoni inaweza kuleta damu isiyo na ratiba, ikitumika muda mrefu inapunguza uzito wa mifupa, na mifupa ya mtu asiyesimama mara nyingi tayari ni dhaifu. Halafu haimkingi na mtu mbaya. Inazuia mimba tu, na wakati mwingine mimba ndiyo ingefichua kwamba anadhulumiwa.

Nilimweleza sistangu yote haya, faida na hasara, nikamuuliza kama anaitaka. Alifunga macho. Shangazi alikuwa ameketi hapo hapo, akaona.