Barua ya kumwita mama mdogo

Kwanza mjue hili: hakuna kanuni ya Uingereza inayosema lazima uandike barua ya mwaliko. Mgeni anaomba viza ya kutembea, ile inayoitwa Standard Visitor, anajaza fomu mtandaoni, anaenda kupiga picha na kuweka alama za vidole, basi. Barua ni nyongeza. Lakini kwa familia zetu nyongeza hiyo ndiyo inayobeba mzigo, kwa sababu anayeamua mara nyingi hamwoni mwombaji wala hamsikii. Anasoma karatasi. Na karatasi pekee inayoeleza kwa sentensi kamili kwa nini huyu mtu anakuja ni ile uliyoiandika wewe, kwa Kiingereza, kwa sababu katika ukoo mzima wewe ndiye unayeonekana "unajua Kiingereza cha ofisini".

Nimeandika barua kama tatu hivi tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Hii ya mwisho ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nipo Birmingham na mume wangu, mama yangu ameshafariki, na mdogo wake anayeishi Tanga alikuwa ameshaamua kwamba anakuja. Hakuniuliza. Alisema tu, "Mwanangu, utazaa halafu ukae peke yako siku arobaini? Nani atakukanda?"

Ninyi mliokulia huku pengine mmesikia tu habari ya arobaini. Kwetu pwani mzazi anakaa ndani siku arobaini, anakandwa kwa maji moto, anafungwa tumbo kwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga na supu mpaka azikimbie. Anayefanya hayo ni mama yako, na kama mama hayupo ni mama mdogo au mama mkubwa. Hakuna anayeiita kazi. Ni haki yako, na ni haki yake pia.

Sasa hebu geuza hilo liwe Kiingereza cha barua. "Anakuja kunisaidia na mtoto." Kwa Kiswahili ni sentensi nzuri kabisa. Kwa afisa wa viza inaweza kusomeka kama mtu anayeletwa kulea mtoto bure ili wenye nyumba wakafanye kazi. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Maelekezo yanayowaongoza maafisa yanakubali kwamba ndugu anaweza kuja kumwangalia mtoto, mradi ni ziara fupi na isifikie mahali ambapo ndugu huyo amekuwa kama yaya aliyeajiriwa. Kwa hiyo mlango upo. Ila barua isipoonyesha upo upande gani wa mstari huo, anayesoma atakisia mwenyewe. Dada mmoja ninayemfahamu aliandika kwamba mama yake anakuja "kulea mtoto" na akataja miezi sita. Jibu lilirudi kwamba hawakuridhika kuwa huyo mama ni mtalii wa kweli. Na siku hizi kwa viza ya kutembelea familia hakuna rufaa ya kawaida, iliondolewa mwaka 2013. Unaanza upya na unalipa ada upya.

Basi sikuficha chochote. Niliandika kwamba nitakuwa kwenye likizo ya uzazi muda wote wa ziara, nikataja tarehe inapoanza na inapoisha, na nikaambatanisha barua ya mwajiri wangu yenye tarehe zile zile. Nikaandika kwamba mimi na mume wangu ndio tutakaomlea mtoto, na kwamba mama mdogo anakuja kukaa nasi kwa kipindi ambacho mila yetu inataka mwanamke mkubwa wa familia awe karibu na mzazi. Mila yenyewe nikaieleza kwa sentensi mbili, sikutoa mhadhara. Kisha nikaandika jambo ambalo naona ndilo lililokuwa na uzito: anaondoka miezi kadhaa kabla sijarudi kazini. Ukiwa na sentensi hiyo na barua ya mwajiri ya kuithibitisha, wazo la yaya linakosa pa kushika.

Tarehe zilitaka hesabu. Mama mdogo alisema atakaa "mpaka arobaini iishe, Mungu akipenda". Huwezi kuandika hivyo. Viza yenyewe inatoa hadi miezi sita, na watu wengi huandika miezi sita kwa sababu ndiyo inayoruhusiwa, lakini ukiomba miezi sita ujue utatakiwa kueleza biashara yake, nyumba yake na watoto wake vitakuwaje miezi sita yote. Nilikaa na kalenda. Nilitarajiwa kujifungua tarehe 14 Oktoba. Mtoto wa kwanza hupenda kuchelewa, kwa hiyo nikaweka wiki mbili, tarehe 28. Ongeza siku arobaini, unafika tarehe 7 Desemba. Mbele nikaweka wiki mbili za kumpokea na kumzoesha baridi. Ikawa tarehe 30 Septemba mpaka tarehe 9 Desemba, wiki kumi kamili, na barua ikaonyesha hesabu hiyo. Tikiti hatukununua kabla ya jibu, tuliandika tu tarehe tunazokusudia. Maombi yenyewe unaweza kuyatuma kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, si mapema zaidi.

Halafu likaja suala la yeye ni nani wangu. Hapa Kiswahili kinaweza kukuponza. Ndugu yangu mtoto wa mjomba, ambaye alikuwa akimjazia fomu kule Tanga, alimuuliza, "Unakwenda kumtembelea nani?" Naye akajibu kama anavyojibu siku zote: "Mwanangu." Ndugu yangu akajaza kwamba anamtembelea binti yake. Barua yangu inasema ni mdogo wa mama yangu. Mbele ya afisa hizo ni kauli mbili zinazopingana, na mtu akiona zinapingana hapo ataanza kushuku na mengine. Tuliiona kwa sababu nilimwomba anitumie picha za kila ukurasa wa fomu kabla hajabonyeza kutuma. Fanyeni hivyo. Kaa na barua mkono mmoja na fomu mkono mwingine, pitia jina, uhusiano, tarehe, anwani na nani analipa nini.

Kwenye barua sikuishia kuandika "anti", maana kila mtu huku ana maanti kumi. Niliandika: ni mdogo wake marehemu mama yangu, baba mmoja mama mmoja. Kisha nikaonyesha njia kwa karatasi. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la mama. Cheti cha mama kina majina ya babu na bibi. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba mama mdogo naye ni mtoto wa babu na bibi hao hao, na hapo tukakwama, kwa sababu kama wengi wa rika lake hakuwahi kuandikishwa alipozaliwa. Cheti kinaweza kuombwa RITA hata ukubwani, lakini muda ulikuwa unakimbia. Mjomba, mkubwa wao wote, akala kiapo mbele ya wakili kwamba hawa wawili ni dada zake wa tumbo moja. Kwenye barua nikaeleza wazi kwa nini pale pana kiapo na si cheti. Pengo ulilolieleza mwenyewe halimshtui mtu sana kama lile analoligundua yeye.

Kuhusu fedha, kila mtu alikuwa na ushauri mmoja: "Mtumie milioni sita kwenye akaunti, ionekane anazo." Nilikataa. Mama mdogo ana duka la vitenge na kushona, fedha zake zinaingia elfu ishirini, elfu hamsini, nyingi kwa simu. Milioni sita zikitua ghafla wiki mbili kabla ya maombi, anayesoma taarifa ya benki ataziona kabla ya kitu kingine chochote, naye atauliza zimetoka wapi. Kanuni zinaruhusu mtu mwingine agharamie mgeni, mradi uhusiano ni wa kweli, ana uwezo na yuko huku kihalali. Kwa hiyo barua ilisema nalipa tikiti na chakula, atalala chumba cha pili cha nyumba yetu, na taarifa zangu za benki za miezi sita hizi hapa pamoja na hati za mshahara na nakala ya pasipoti yangu. Yeye akaleta za kwake kama zilivyo, ndogo ndogo, pamoja na leseni ya biashara na barua ya mwenyekiti wa kikoba chao ikionyesha kwamba ana hisa na mkopo anaoendelea kulipa.

Kikoba hicho nilikipa aya yake. Watu hupenda kumaliza barua kwa kuapa: ninaahidi kwamba atarudi. Sijui tulijifunza wapi, labda kwenye zile sampuli za mtandaoni. Wewe huna uwezo wa kumrudisha mtu mzima kwao, na afisa analijua hilo. Kinachomrudisha ni mambo yake. Duka linaendeshwa na binti yake kwa wiki kumi, mkopo unaisha mwaka unaofuata, mume wake yuko nyumbani. Hayo niliyaandika, kiapo nikakiacha.

Jumla ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Kabla ya kuituma nilimpigia nimsomee kwa Kiswahili, maana viza haimalizi mambo. Akifika uwanja wa ndege anaweza kuulizwa maswali yale yale tena, na majibu yake yanatakiwa yafanane na niliyoandika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, soma."

Nikasoma mpaka mwisho. Kimya. Kisha akasema, "Mbona hujasalimia? Mtu unamwandikia barua hata hali humuulizi?"

Nikamwambia wenyewe hawataki salamu. Akacheka, akasema barua kavu kama mkate wa juzi. Tukaanza mazoezi. Unakaa muda gani? "Wiki kumi." Nani analipa? "Yeye, na vitenge vyangu vinanitosha kwa mengine." Unakwenda kwa nani?

"Kwa mwanangu."

"Mama! Sema kwa mtoto wa dada yangu."

"Mtoto wa dada yangu," akarudia polepole, kama anajaribu kiatu cha mtu mwingine. "Haya. Nitawaambia hivyo. Lakini wakiniuliza dada yangu yuko wapi?"

Nikamwambia awajibu ukweli, na kwamba kwenye barua tayari nimeandika marehemu.

"Basi watajua wenyewe wewe ni wa nani," akasema, na akaniuliza kama huko pilipili manga zinapatikana au abebe.