Maelezo Chini ya Picha ya Mchezo wa Kwanza

Mchezo wa kuigiza ukisha kuonyeshwa, aghalabu hubaki picha moja ukutani, na chini yake mstari mmoja wa maandishi. Mstari huo ni kazi nzuri ya somo la Kiswahili, ila walimu wengi huuandika wenyewe.

Darasa la Tano nililolifundisha mwaka 2024 lilitunga mchezo kutokana na hadithi ya kisima: wanyama wanachimba wakati wa kiangazi, Sungura anakataa kuchimba, kisha anaiba maji usiku, mpaka Kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni anapomnasa. Mazoezi yalianza Februari, mara mbili kila juma. Picha tuliyoichagua ilionyesha Sungura akiwa amenaswa mkono juu ya ungo, ambao ndio uliokuwa gamba la Kobe. Nilitenga vipindi viwili, nikawaomba wanafunzi waandike maelezo yasiyozidi sentensi tatu.

Wengi walianza hivi: “Hii ni picha ya mchezo wetu mzuri sana.” Niliiandika sentensi hiyo ubaoni, nikawauliza ingefaa pia chini ya picha gani nyingine. Walitaja ngoma, mpira, hata arusi, nami nikaifuta. Mtazamaji anajua kwamba anatazama picha. Asilolijua ni yule ni nani, anafanya nini, na ni lini. Kuhusu mahali pa kila mtu, tulikubaliana kwamba kushoto ni kushoto kwa mtazamaji, si kwa mwigizaji. Jambo hilo huonekana dogo, lakini bila mapatano hayo Simba huitwa Tembo.

Ugumu halisi ulikuwa katika nyakati za vitenzi. Watoto waliandika “Simba anasimama kando ya kisima” na “Kobe anavaa ungo.” Nilimwita mwanafunzi mmoja mbele, nikamwambia aketi polepole. Alipokuwa akishuka, darasa lilisema, “Anaketi.” Alipokwisha kutulia kitini, niliuliza tena; wakajibu kwa sauti moja, “Ameketi.” Hapo hapakuhitajika kanuni ndefu. Vitenzi vya mkao na mavazi, kama simama, lala, inama na vaa, vikichukua -na- huonyesha mtu akiingia katika hali ile. Vikichukua -me- huonyesha kwamba yumo ndani yake. Picha iliwakuta Simba na Tembo wamekwisha kusimama, na Kobe amekwisha kuvaa ungo wake. Lakini Sungura alikuwa bado akivuta mkono, kwa hiyo kwake “anavuta” ni sahihi. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu tu, pasipo kumketisha mtoto, atasahihisha kosa hilohilo mwaka mzima.

Yale ambayo hayamo ndani ya picha yalihitaji -li-: mchezo ulionyeshwa lini, na nani waliuonyesha. Karibu wote walitaja siku na mwezi, wakauacha mwaka, kwa kuwa kwao ulikuwa dhahiri. Niliwauliza ndugu zao wadogo watajuaje watakapofika Darasa la Tano.

Ilibaki miezi ya mazoezi, ambayo kamera haiwezi kuionyesha. Pendekezo la kwanza lilikuwa “baada ya mazoezi makali ya muda mrefu.” Maneno makali na mrefu hayampi msomaji kitu cha kushika. Niliuliza: katika miezi hiyo, ni jambo gani lililowashinda kwa muda mrefu kuliko yote? Wakabishana. Wengine walitaja wimbo wa wachimbaji; wengine, kicheko kilichomjia Sungura kila aliponaswa. Mwisho msichana aliyeigiza Kobe alikumbusha kwamba ungo ulimwanguka katika kila zoezi kwa majuma sita, mpaka walipoufunga kwa kanga mbili zilizopishana kifuani. Hakuna aliyembishia.

Haya ndiyo maelezo waliyoyabandika. Majina ya watoto, ambayo katika karatasi yao yalifuata jina la kila mnyama, nimeyaacha:

“Sungura (kushoto) anavuta mkono ulionaswa kwenye gamba la Kobe, ambaye ameinama. Nyuma yao, Simba na Tembo wamesimama kando ya kisima. Darasa la Tano tulionyesha mchezo huu kwa mara ya kwanza tarehe 24 Mei 2024, baada ya mazoezi ya miezi minne; Kobe alitumia majuma sita kujifunza kutambaa bila kuangusha ungo.”

Sentensi ya mwisho ni ndefu kwa maelezo ya picha, na mhariri wa gazeti angeikata penye nukta na mkato. Niliwaachia. Juma lile wazazi waliofika ofisini walisimama mbele ya picha, wakasoma, kisha wakasogea karibu kuutazama ungo.